Ajali Iliyorudi Salama: Kuupima Uandishi wa Kiswahili kwa Kuupeleka Uarabuni na Kuurejesha

Mwaka 1970 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Richard Brislin, alichapisha makala iliyoupa umaarufu utaratibu ambao leo watafsiri wengi huuita tafsiri rejeshi. Utaratibu wenyewe hauna fumbo. Mtu wa kwanza huyatoa maandishi katika lugha ya asili na kuyatia katika lugha ya pili. Mtu wa pili, ambaye hakuyaona maandishi ya asili wala hakusimuliwa yanahusu nini, huyachukua yale ya lugha ya pili na kuyarudisha katika lugha ya kwanza. Kisha hulinganishwa yaliyoondoka na yaliyorudi. Palipo na tofauti ndipo panapotiliwa shaka.

Jambo ambalo wengi wanaoutumia utaratibu huu hulisahau ni kwamba Brislin mwenyewe alitahadharisha kuwa marejeo mazuri si lazima yatokane na tafsiri nzuri. Alitaja sababu kadhaa. Mojawapo ni kwamba watafsiri wawili wanaweza kuwa na mazoea yaleyale ya kubadilishana maneno fulani, hata kama maneno hayo hayalingani kimaana. Alitoa mfano wa neno la Kihispania *amigo* na lile la Kiingereza lenye maana ya rafiki: kila mtafsiri huliweka moja mahali pa jingine bila kufikiri, basi safari ya kwenda na kurudi huonekana nyoofu, ilhali urafiki wa Mhispania na urafiki wa Mwingereza si kitu kimoja. Sababu nyingine ni kwamba mtafsiri wa pili anaweza kukutana na sentensi mbovu, akaitengeneza kimoyomoyo, na kuirudisha ikiwa imepona.

Tahadhari hizo ziliandikwa kwa ajili ya lugha zilizokutana kwa kiasi tu. Makala hii inahusu lugha mbili zilizoishi nyumba moja. Kiswahili kina maneno mengi mno yenye asili ya Kiarabu, na kila neno la namna hiyo ni *amigo* anayesubiri. Kwa hiyo anayeupima uandishi wa Kiswahili kwa kuupeleka katika Kiarabu na kuurejesha ana kipimo kikali kuliko vyote, na pia ana kipimo kinachodanganya kuliko vyote. Nitaeleza jinsi nilivyokiona kikidanganya, kisha nieleze kwa nini historia ya neno moja moja ndiyo inayoamua nani amekosea.

Pwani yetu ilikuwa na njia yake ya kuziweka lugha hizi mbili ana kwa ana muda mrefu kabla ya Brislin. Kaswida ya *Hamziya*, aliyoitunga Mmisri al-Busiri katika karne ya 13, ilifasiriwa kwa Kiswahili na Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate. Nakala zake ziliandikwa mstari wa Kiarabu ukifuatwa na mstari wa Kiswahili, kwa hati moja ileile ya Kiarabu. Msomaji aliyezijua lugha zote mbili aliweza kupandisha na kuteremsha jicho na kufanya marejeo kichwani mwake beti baada ya beti. Kiswahili cha kazi hiyo ni cha kale sana, kimejaa msamiati ambao msomaji wa leo hawezi kuuelewa pasipo sherehe.

Lakini hati hiyo moja ilileta na mtego. Waandishi wengi wa pwani, walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, waliyaacha maneno ya mkopo katika tahajia yake ya Kiarabu. Mwenye kalamu aliyetaka kuandika neno ambalo mdomo wake ulilitamka *hasira* aliweza kuliandika kama Mwarabu anavyoandika *hasra*. Jicho liliona Kiarabu, sikio lilisikia Kiswahili, na hapakuwa na chochote karatasini cha kuonyesha kwamba maana imehama. Baadaye kamusi nazo zilichangia. Ile ya Frederick Johnson na ile ya Padri Charles Sacleux, ambazo zote zilianza kutoka mwaka 1939, ziliambatanisha maneno na asili zake za Kiarabu. Ni kazi kubwa na tunazitegemea mpaka leo, ila mwanafunzi mvivu huisoma asili ya neno kana kwamba ndiyo maana yake.

Sasa nije kwenye jaribio. Nilitunga kipande kifupi cha nathari kwa makusudi, nikakijaza maneno niliyotaka kuyapima, lakini nikahakikisha kinasomeka kama hadithi ya kawaida:

"Nahodha alikuwa tajiri, na mwanawe aliipenda bahari kuliko yeye. Siku moja mwanawe alipata ajali baharini. Akamwendea rafiki yake, akamweleza habari yote. Rafiki akashikwa na hasira, akaondoka pasipo kusema neno. Kesho yake akarudi, akaanza kuliunda upya jahazi kwa ari, ingawa kazi haikuwa rahisi."

Kwa Mswahili wa leo hakuna utata mkubwa. Kijana amepatwa na mkasa, chombo kimeharibika, yeye mwenyewe yu hai na anamsimulia rafikiye. Rafiki anakasirika, labda kwa uzembe wa kijana, kisha hasira zinapoa na anarudi kusaidia.

Kipande hiki nilimpa kijana mmoja aliyesoma Kiarabu chuoni na vitabuni, ambaye hajapata kuishi mahali kinapozungumzwa sokoni. Nilimtaka akitie katika Kiarabu fasaha. Alichoandika nilikigawa kwa watu wawili ambao hawakukiona Kiswahili changu. Wa kwanza ni bwana wa makamo aliyezaliwa Unguja na kukulia Maskati, anayezungumza lugha zote mbili kwa wepesi uleule. Wa pili ni mwalimu wa Kiarabu aliyekulia bara, ambaye Kiswahili chake ni safi lakini hakunyonya Kiarabu pamoja nacho. Huyu wa pili nilimwekea sharti moja ambalo nitalieleza baadaye.

Marejeo ya bwana wa Maskati yalikuwa karibu sawa na maandishi yangu. *Nahodha alikuwa tajiri.* *Ajali ilimkuta mwanawe baharini, akamwendea rafiki yake.* *Rafiki akashikwa na hasira.* *Akaanza kuunda jahazi upya kwa ari.* Mtu anayefuata utaratibu kwa kuhesabu tofauti angeweka alama ya kupita, akafunga jalada. Hivyo ndivyo kipimo kinavyodanganya, kwa sababu Kiarabu kilichokuwa katikati kilisimulia hadithi nyingine.

Kwa *tajiri*, kijana aliandika *taajir*. Mwarabu akiliona neno hilo huelewa mfanyabiashara, awe na mali au awe amefilisika. Mwenye mali nyingi kwao ni *ghani*. Kwa *hasira* aliandika *hasra*, yaani majuto na huzuni ya kukosa kitu kisichoweza kurudi. Ghadhabu haimo ndani yake. Na kwa *ajali* aliandika kwamba *ajal* yake ilimfika mwanawe baharini. *Ajal* kwa Mwarabu ni muda uliowekwa, na mtu akifikiwa na ajali yake maana yake amekufa. Mkasa unaoweza kumwacha mtu akiwa mzima huitwa *haadith*.

Angalia yaliyofuata. Katika Kiarabu kile kijana amekwisha kufa katika sentensi ya pili. Basi ni nani "aliyemwendea rafiki yake" katika sentensi ya tatu? Maiti haendi kwa rafiki. Msomaji wa Kiarabu hana budi kuelewa kwamba aliyekwenda ni baba, nahodha mwenyewe, kwenda kutoa habari ya msiba. Naye rafiki, aliposhikwa na *hasra*, alikuwa akihuzunika juu ya kifo, si kukasirika juu ya uzembe. Akaondoka kimya kwa majonzi, na kesho yake akarudi kulijenga jahazi la marehemu. Ni hadithi iliyokamilika, tena ya kusikitisha kuliko yangu, na hakuna sentensi hata moja ndani yake inayogongana na nyingine. Makosa mawili, la *ajal* na la *hasra*, yalisaidiana: kila moja lililifanya jingine lionekane la kweli. Kisha bwana wa Maskati, alipokutana na mizizi hiyo ya Kiarabu, alinyoosha mkono kwenye rafu ileile na kuwashusha watoto wa Kiswahili wa mizizi hiyo, na hadithi yangu ikarudi bila jeraha.

Kosa moja lilikuwa la wazi zaidi, nalo linaithibitisha tahadhari ya pili ya Brislin. Kwa *ari* kijana aliandika *aar*, neno ambalo kwa Mwarabu ni fedheha, doa linalomchafua mtu na ukoo wake. Kamusi huihusisha *ari* yetu na neno hilo, na si vigumu kuiona njia iliyopitiwa: anayeogopa fedheha hujikaza, na kujikaza huko ndiko Mswahili alikokuita ari. Lakini mtu hawezi kuunda jahazi "kwa fedheha" na sentensi ikasimama. Nilipomuuliza bwana wa Maskati alivyoipata *ari*, alisema alijua mwandishi alikusudia nini. Naam, alijua kwa sababu yeye ni Mswahili. Mwarabu wa Damasko asingejua.

*Rahisi* haikumtega kijana. Alijua, kama wajuavyo wanafunzi wengi, kwamba *rakhis* kwa Mwarabu ni kitu cha bei ya chini, akaandika *sahl*. Mitego mashuhuri huumiza watu wachache. Wanaoumia huumizwa na ile ambayo hakuna mwalimu anayeitaja.

Sharti nililompa mwalimu wa bara lilikuwa hili: katika marejeo yake asitumie nomino, kitenzi wala kivumishi chenye asili ya Kiarabu pale ambapo Kiswahili kina neno jingine. Viunganishi na vihusishi nilimsamehe, kwa maana ukimnyang'anya Mswahili *lakini*, *hata*, *bila* na *baada* humwachii pumzi ya kumaliza sentensi. *Bahari* nayo aliomba aruhusiwe, nikamruhusu, kwani kitu kinachoonekana kwa macho hakina hatari kubwa ya kubadilishwa. Alichorudisha ni hiki:

"Nahodha alikuwa mchuuzi, na mwanawe wa kiume aliipenda bahari kumliko. Siku moja kifo kilimkuta mwanawe baharini. Mzee akamwendea mwenziwe, akamweleza yote yaliyotokea. Uchungu ukamshika mwenziwe, akaondoka bila kutamka neno. Kesho yake akarudi, akaanza kuunda chombo upya kwa aibu, ingawa kazi haikuwa nyepesi."

Juu ya *aibu* alitia alama ya kuuliza. Aibu nayo ni ya Kiarabu, lakini alieleza kwamba hakupata neno jingine lenye uzito huo, na kwamba sentensi yenyewe haikumwingia akilini. Hiyo ndiyo kazi ya mtafsiri wa marejeo: kurudisha alichokiona, na panapokuwa na upuuzi aurudishe upuuzi.

Ukilinganisha marejeo haya na maandishi ya asili, kila kitu kimetoka nje. *Mchuuzi* inafichua *taajir*. *Kifo* inafichua *ajal*. *Uchungu* inafichua *hasra*. Na neno *mzee*, ambalo halikuwepo kabisa katika maandishi yangu, ndilo lililonifundisha zaidi. Mahali hapo mtafsiri wa kwanza hakukosea neno lolote, kitenzi chake kilikuwa sahihi. Kosa lilifanyika sentensi moja nyuma, katika *ajal*, na alama yake ikaonekana mbele, mahali ambapo mtafsiri wa marejeo alilazimika kumtafuta mtendaji aliye hai. Kwa hiyo anayesoma marejeo asitafute kosa palepale penye tofauti. Aulize kwanza: ni nini kilichotangulia kilichomlazimisha mtu huyu kuongeza neno hili?

Sharti la kuepuka mkopo lina gharama yake. Marejeo huwa mazito kidogo, na baadhi ya vivuli hupotea: *mchuuzi* ni mdogo kuliko *taajir*, kwani huyu wa Kiarabu anaweza kumiliki majahazi kumi. Halifai kabisa kwa maandishi ya dini au ya sheria, ambako maneno kama *sala*, *zaka*, *talaka* na *wakfu* ni istilahi zilizobaki na maana zake, na kuyazunguka ni kujitafutia makosa mapya. Lakini kwa hadithi, kwa tarehe na kwa sehemu kubwa ya ushairi wa dunia, sioni njia nyingine ya kuwazuia wale *amigo* wasipeane mikono gizani.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba maana ya neno la Kiswahili inajulikana na ni moja. Ingekuwa hivyo, mambo yangekwisha hapa. Tatizo ni kwamba maneno haya hayakuhama siku moja. Kuna kipindi ambacho *tajiri* wa Kiswahili alikuwa bado jirani wa karibu wa *taajir* wa Kiarabu, na mtu anayelipima andiko la zama hizo kwa maana ya leo atamtia hatiani mtafsiri asiye na kosa.

Mfano ulio bora ni wasifu wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Aliusimulia mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akauchapisha mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Baadaye W. H. Whiteley aliufasiri kwa Kiingereza, na huko Omani Muhammad al-Mahruqi akautoa kwa Kiarabu. Ni miongoni mwa maandishi machache ya nathari ya Kiswahili ya zama zile ambayo mtu anaweza kuyasoma katika lugha zote hizo na kufanya marejeo yake mwenyewe.

Katika dunia ya Murjebi, tajiri ni mtu mwenye kazi maalumu. Ni yule aliyekaa Unguja na kutoa bidhaa kwa mkopo, shanga na nguo na baruti, ili wasafiri waende nazo bara na kurudi na pembe za ndovu baada ya miaka. Taria Topan, Mhindi aliyekuwa na nguvu kubwa katika biashara ya Unguja, alikuwa tajiri kwa maana hiyo: alimkopesha Murjebi mali ya kusafiria. Kwamba alikuwa na fedha nyingi ni kweli, lakini alichoitiwa tajiri ni kule kumiliki mtaji unaozunguka na kuwa na watu wanaodaiwa naye. Mtafsiri wa andiko la zama hizo akiandika *taajir* amepatia, na akiandika *ghani* amelipunguza neno. Basi kosa lilelile lililomwangusha kijana wangu katika kipande cha leo ni jibu sahihi katika andiko la miaka mia na ishirini iliyopita. Marejeo hayawezi kukuambia hilo. Yatakuonyesha kwamba maneno mawili hayalingani, lakini hayatakuonyesha lini yaliacha kulingana.

*Ajali* nayo ni hivyohivyo, na hapa malenga wanapaswa kuwa waangalifu kuliko wengine. Tunasema ajali haina kinga, na siku hizi tunayatumia maneno hayo gari linapopinduka. Ukiyatafakari utaona kwamba yana mantiki zaidi kwa maana ya zamani. Mkasa wa barabarani una kinga nyingi, breki mojawapo. Kisicho na kinga ni muda uliowekwa. Methali imehifadhi maana ya Kiarabu huku wasemaji wakiwa wamekwisha kuivua na kuvaa nyingine. Katika tenzi za kale, na hata katika tungo za karibuni za watu waliokulia katika mazingira ya madrasa, *ajali* inaweza kuwa kifo, inaweza kuwa mkasa, na wakati mwingine mtunzi ameyashika yote mawili kwa mkono mmoja. Kila ninapoifikia katika utungo, hutazama kitenzi kilicho mbele yake. Ajali inayo*fika* au inayo*wadia* huwa ni ile ya muda, kwa sababu muda ndio unaowadia. Ajali inayo*tokea* au inayo*patikana* huwa ni mkasa. Si sheria isiyovunjika, ila imenisaidia mara nyingi. Katika kipande changu mtu *alipata* ajali, na kijana wangu angekisikiliza kitenzi hicho asingemuua mtoto wa nahodha.

Kuhusu *hasira* ushahidi nilio nao ni mwembamba zaidi, ila ningependa wasomaji wasiichanganye na *hasara*. Hizi ni mbili zenye mizizi mbalimbali: *hasara* hutoka katika *khasaara* ya Kiarabu na maana yake haikusogea, ni kupungukiwa na mali. Kiswahili kilipoziachia herufi mbili za kooni zikawa sauti moja, maneno hayo yakawa kama ndugu wa tumbo moja, na nimekutana na waandishi wanaoelezea chimbuko la moja kwa jingine. Anayerudi katika Kiarabu huachanishwa nayo mara moja, maana pale ni lazima achague herufi.

Kulazimishwa kuchagua ndilo tendo la pili ambalo Kiarabu humfanyia Mswahili. Mwalimu wa bara aliandika "mwanawe wa kiume". Mimi sikusema wa kiume. Kiswahili kilinipa ruhusa ya kunyamaza, lakini katika Kiarabu mtafsiri wa *mwana* kwa kawaida huchagua ama *ibn* ama *bint*. Rafiki naye ni lazima awe *sadiq* au *sadiqa*, na kila kitenzi kitakachomfuata kitaendelea kutoa ushahidi juu ya jinsia yake. Kama wangekuwa marafiki wawili, Kiarabu kingewahesabu pia, kwa kuwa kina umbo la wawili lisilokuwa la wengi.

Katika mkataba au wosia, ufichuzi wa namna hii una faida kubwa. Andika "mtoto wangu mkubwa atarithi shamba la mikarafuu", lipeleke katika Kiarabu, na huenda papo hapo mtafsiri akakuuliza ni wa kike au wa kiume, swali ambalo warithi wangekuja kuliuliza ukiwa kaburini. Katika ushairi wa mapenzi, kipimo kilekile huharibu. Mtunzi wa Kiswahili anaweza kumsifu muhibu wake kwa beti ishirini pasipo kumwambia msomaji kama ni mwanamume au mwanamke, na ukimya huo mara nyingi ndio stara ya shairi. Washairi wa Kiarabu nao wana desturi ya zamani ya kumtaja mpenzi kwa umbo la kiume hata anapokuwa mwanamke, kwa hiyo mtafsiri mjuzi ana pa kujificha. Lakini yakirudi, marejeo yatasema "kijana huyu", na anayehesabu tofauti ataandika kwamba mtafsiri ameongeza. Mimi huiandika tofauti ya namna hiyo katika safu yake peke yake, nisiichanganye na makosa.

Limebaki neno moja la Murjebi ambalo halina Kiarabu ndani yake hata chembe, nalo ni *muungwana*. Kwa kuwa halina ndugu Uarabuni, hakuna atakayedanganyika na sura yake. Mtafsiri hufikiri, na akifikiri huandika *hurr*, mtu huru, asiyekuwa mtumwa. Kwa sheria ya pwani ni jibu sahihi. Likirejeshwa huja "mtu huru", na hapo msomaji wa Kiswahili huhisi kwamba kuna kitu kimepotea njiani, kwa sababu leo muungwana ni mwenye adabu, na hatumwiti mtu hivyo kwa kuwa tu hana bwana.

Ukirudi katika misafara ya karne ya 19, hata hilo "mtu huru" linayumba. Wapagazi na askari waliotoka Unguja, waliofuatana na Stanley katika safari yake ya mwaka 1874 hadi 1877, waliitwa Wangwana, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao kisheria walikuwa bado watumwa wa mabwana waliobaki Unguja. Wakiwa Manyema au kando ya mto Kongo, walikuwa waungwana kwa sababu walivaa kanzu, walisema Kiswahili na walijitenga na wenyeji kwa desturi za pwani. Jina hilo lilishika huko hata Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana. Mtafsiri akimwandika mtu wa namna hiyo *hurr*, amempa kwa kalamu uhuru ambao kadhi wa Unguja asingemtambulia. Akimwandika *abd*, mtumwa, amemvua heshima ambayo kila mtu njiani alimpa.

Neno hili nimelipeleka na kulirejesha kwa watu watatu tofauti. Limerudi "mtu huru" mara mbili, na mara moja limerudi "mtu wa mjini". Huyo wa tatu alipewa Kiarabu kilichotumia *hadari*, mkaazi wa mji, kinyume cha bedui. Sheria ya utumwa haimo kabisa ndani ya jibu hilo, lakini ndilo lililokaribia zaidi jinsi wapagazi wale walivyojiona walipokuwa mamia ya maili kutoka baharini, na ndilo ninaloliacha kwa sasa katika rasimu yangu, pamoja na nyota na maelezo chini ya ukurasa.